Kilo Mia Moja Tisini na Nane

Coleta aliuza mchele Sumbawanga kwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulala bila kujua ana kilo ngapi stoo. Mumewe alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Faith, na deni la magunia sita. Deni alilimaliza kwa kuhesabu. Mchele uliotoka Muze aliupima gunia kwa gunia kwenye mizani kubwa ya mashine ya kukoboa, akaandika. Uliouzwa dukani uliandikwa kila kipimo, kilo na pesa. Na kila baada ya miezi mitatu alifunga duka siku nzima, akapima kilichobaki kwa mizani kubwa ya kuazima.

Katikati ya Aprili alifunga duka kama kawaida. Alianza na kilo mia sita na ishirini za mwezi Januari. Akajumlisha elfu nane na mia nne zilizoingia tangu hapo. Akatoa elfu saba mia tisa na kumi zilizouzwa kwenye daftari. Zilitakiwa kubaki kilo elfu moja mia moja na kumi. Alizozipima stoo zilikuwa mia tisa na kumi na mbili.

Akapima tena. Akajumlisha tena, safari hii kuanzia chini kwenda juu. Jibu halikubadilika. Kilo mia moja tisini na nane hazikuwepo.

Pesa zilikuwa sawa. Kila kilo iliyoandikwa kwamba imeuzwa, pesa yake ilikuwepo. Kwa hiyo mchele ulitoka dukani bila kuandikwa, na aliyekaa dukani kutwa nzima alikuwa mtu mmoja, Minza.

Minza alikuwa na miaka ishirini na minne. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia Ilemba, kule bondeni kwenye joto, na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Alikuwa amefanya kazi kwa Coleta miaka minne, akala naye, akamsuka Faith nywele, na mwezi wa sita mwaka huo alikuwa aolewe na Meshack. Coleta alipomwonyesha hesabu, Minza aliisoma taratibu mpaka mwisho.

"Mama, mimi sijachukua."

"Nani amechukua, basi?"

"Sijui. Labda mizani."

Hapo ndipo Coleta alipokasirika. Mizani ile ya dijitali aliinunua mwaka juzi kwa pesa ya kujinyima, ikakaguliwa na kubandikwa stika, na alikataza mtu yeyote asiinue sinia lake la juu isije ikaharibika. Walifuta juu tu kwa kitambaa. Alichukua pakiti ya sukari ya kilo moja kutoka duka la jirani, akaipima mbele ya watu waliokwisha kusogea kusikiliza. Namba nyekundu zikasimama kwenye kilo moja kamili.

"Haya. Mizani imesema. Wewe unasemaje?"

Minza akarudia kuwa hajachukua.

Benjamini, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa upande ule wa soko, aliitwa. Alikuja na watu wake wa ulinzi, akauliza maswali yaleyale, akapata majibu yaleyale. Mmoja katika watu akasema hawa watu wa bondeni ukiwapa funguo umewapa duka. Hakuna aliyemkatalia. Hata Coleta hakumkatalia, ingawa alikuwa anajua kuwa maneno yale hayakumhusu Minza aliyemfahamu. Alikuwa na uchungu wa mali yake, na uchungu ule ulimfanya anyamaze. Minza akapitishwa katikati ya meza za nyanya na dagaa, kanga yake ikiburuzika upande mmoja, akapelekwa kituo cha polisi.

Siku ya tatu baba yake alipanda kutoka Ilemba. Mzee Yonas alikuwa mtu mrefu, mkimya, amevaa koti zito ambalo bondeni halina kazi. Aliweka kwenye meza ya Coleta laki nne na elfu tisini na tano, thamani ya mchele ule kwa bei ya dukani, akaomba kesi ifutwe.

"Nimeuza dume moja la kulimia," alisema. "Mtoto wangu anasema hajaiba. Mimi namwamini. Lakini siwezi kumwacha akae mle ndani nikisubiri ukweli."

Coleta alizihesabu pesa zile mbele yake. Zilitimia. Jioni hiyo Minza na baba yake wakaondoka Sumbawanga.

*

Faith alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri majibu ya chuo. Akaingia dukani badala ya Minza. Kazi aliiweza, ila hakupenda, na wateja walipomuuliza yule dada mwingine yuko wapi, alijibu kwa mkato kuwa amerudi kwao.

Coleta sasa hakutaka kusubiri miezi mitatu. Mwezi mmoja ulipopita alifunga duka, akapima. Alianza na mia tisa na kumi na mbili, zikaingia elfu mbili na mia nane, zikauzwa elfu mbili mia saba na thelathini. Zilitakiwa kubaki mia tisa themanini na mbili. Zilibaki mia tisa na kumi na tano.

Kilo sitini na saba.

Alikaa juu ya gunia tupu na daftari mapajani. Faith alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono kwa baridi.

"Vipi, mama?"

"Faith, kuna mtu unampa mchele?"

"Mtu gani?"

"Nakuuliza wewe. Rafiki, kijana, mtu yeyote. Sema tu, sitakupiga."

Faith alikunjua mikono.

"Kwa hiyo leo ni zamu yangu? Utamwita na mimi Benjamini?"

Akatoka. Siku mbili hawakusemezana isipokuwa salamu ya asubuhi. Coleta alipika, akala peke yake, na kila alipomeza tonge alijiuliza swali ambalo hakulitaka: kama alimjua mwanawe vizuri kiasi cha kuapa kwamba si mwizi, mbona Minza naye alimjua?

Wiki iliyofuata alimwambia Faith apumzike, akakaa dukani mwenyewe. Hakwenda hata chooni bila kufunga mlango na kufuli. Hakununua mchele mpya. Alianza na kilo mia tisa na kumi na tano, akauza kwa mkono wake mwenyewe kilo mia sita na arobaini. Zilitakiwa kubaki mia mbili sabini na tano. Jumamosi mchana akapima: mia mbili hamsini na tisa.

Kumi na sita zimekwenda, na hakuna mkono uliogusa mchele ule isipokuwa wake.

Aliandika hesabu zote tatu kwenye ukurasa mmoja. Miezi mitatu ya Minza, mwezi wa Faith, wiki yake mwenyewe. Akagawa kilichopotea kwa kilichouzwa. Kwa Minza, kila kilo mia moja zilipotea mbili na nusu. Kwa Faith hivyohivyo, karibu sana. Kwake yeye, mbili na nusu kamili.

Mtu anayeiba huiba leo nyingi kesho kidogo, akiogopa huacha, akipata shida huzidisha. Kitu hiki hakikuwa kinaogopa wala kupata shida. Kilichukua sehemu yake kwa kila aliyekaa pale, kikakata sawasawa kama mashine.

Lakini mizani ilisoma kilo moja kuwa kilo moja. Aliijaribu tena kwa pakiti ya sukari. Sawa.

Alirudi kwenye daftari na kulisoma kwa namna nyingine. Mpaka siku hiyo alikuwa anajumlisha kilo tu. Sasa akazitenganisha: waliochukua kilo moja na mbili upande huu, waliochukua tano, kumi na ishirini upande ule. Kisha akachukua magunia mawili kutoka mzigo mpya, akayapima mashineni mpaka kila moja likawa kilo mia kamili, akayawekea alama ya mkaa. Gunia la kwanza alilitumia kwa kilo moja moja na mbili mbili tu. La pili aliligusa anapokuja mtu wa kilo kumi tu.

Gunia la kwanza lilipokwisha, daftari lilisoma kilo tisini na tisa na gramu mia saba. Gramu mia tatu za kumwagika na vumbi, hakuna neno.

Gunia la pili lilihudumia wateja tisa. Kwa mteja wa kumi alikung'uta mpaka pembe za gunia, na mizani ikasoma kilo sita na gramu mia nne tu. Jumla tisini na sita, na nusu haijafika. Zaidi ya kilo tatu na nusu hazikuwepo katika gunia ambalo hakuna aliyelifungua ila yeye.

"Mama Faith, unaumwa?" aliuliza yule mteja.

"Hapana. Nisubiri kidogo."

Akaenda duka la jirani kuazima pakiti ishirini za sukari. Akaziweka kwenye mizani moja baada ya nyingine. Moja, sawa. Mbili, tatu, nne, sawa. Ya tano ikasoma nne na gramu mia tisa arobaini. Alipoweka ya kumi, ikasoma tisa na mia sita arobaini. Zilipofika ishirini, mizani ikasema kumi na tisa na kidogo.

Mizani haikuwa inamwibia mteja. Ilikuwa inamwambia muuzaji kwamba bado, ongeza. Naye alikuwa anaongeza.

Eustaki, fundi wa mizani mwenye meza karibu na stendi, alikuja na begi lake. Aliinua sinia la juu kwa mikono miwili, likatoka bila shida yoyote, jambo ambalo Coleta alilikataza kwa miaka miwili. Chini yake kulikuwa na vyuma vinne vinavyolishikilia sinia, na chini ya chuma kimoja pumba na vumbi la mchele vilikuwa vimegandamana vigumu kama udongo uliokauka, na ndani yake kipande cha jiwe kisichozidi ukubwa wa punje mbili.

"Unaona?" Eustaki alisema. "Mzigo ukiwa mdogo, chuma hakifiki hapa. Mizani inasoma vizuri. Ukizidi kilo nne hivi, chuma kinashuka, kinakaa juu ya hiki kijiwe. Sasa sehemu ya mzigo inabebwa na jiwe, haifiki kwenye kipimo. Kadiri unavyoongeza, ndivyo inavyopunja."

"Ina muda gani hivi?"

"Sijui, mama. Miezi. Vumbi halijai kwa siku moja." Alisafisha kwa brashi, akarudisha sinia, akapanga pakiti zile ishirini. Ishirini kamili. "Ila usiitumie mpaka ikaguliwe upya na kubandikwa stika. Na uwe unainua hili sinia kila wiki, ufagie. Si kazi ya fundi. Hata yule binti wako wa zamani angeweza."

Hakujua amesema nini. Coleta alimlipa elfu kumi na kumshukuru.

*

Mteja wake mkubwa wa kilo ishirini alikuwa Redempta, mama lishe mwenye banda upande wa pili wa soko. Alichukua kila siku ya tatu. Coleta alimfuata akiwa anachambua maharage.

"Redempta, nikuulize. Mchele wangu ulikuwa unakutosha?"

Redempta aliacha mikono ndani ya ungo. "Kwa nini?"

"Nijibu tu."

"Ulikuwa unazidi," alisema taratibu. "Mimi napima kwa bakuli, najua ishirini ni bakuli ngapi. Ya kwako ilizidi karibu bakuli tatu. Tangu mwaka mpya."

"Hukuniambia."

"Nilidhani ni nyongeza. Unajua mteja wa siku nyingi." Akainamisha kichwa. "Halafu Mama Faith, mimi nina watoto watano."

"Siku ile wanamchukua Minza ulikuwepo. Nilikuona umesimama pale kwenye vitunguu."

Redempta alianza tena kuchambua maharage, na Coleta akaona kwamba mabovu na mazima alikuwa anayatupa pamoja.

*

Julai ilikuwa imeanza, na upepo wa Ufipa ulikuwa unapenya mpaka ndani ya sweta mbili. Coleta alitoa benki laki tisa na nusu, akapanda gari la Ilemba alfajiri. Kadiri walivyoshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa ndivyo joto lilivyopanda, watu wakavua makoti, yeye akabaki na lake kana kwamba hastahili kulivua.

Nyumbani kwa Mzee Yonas kulikuwa kimya. Mzee alikuwa anatengeneza mpini wa jembe la mkono. Hakusimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Kuna kigoda hapo."

Coleta hakukaa. Alipiga magoti kwenye vumbi, akaeleza yote, tangu hesabu ya Aprili mpaka kijiwe. Hakuruka kitu. Kisha akaweka bahasha chini.

"Ni pesa yako uliyonilipa, na nyingine ya kukuwezesha kupata dume jingine."

Mzee aliitazama bahasha bila kuigusa.

"Yale madume yalikuwa mawili," alisema. "Niliyafundisha pamoja miaka mitatu. Nilipouza moja, la pili likakataa kuvuta na mwenzake wa kuazima. Linalala chini. Nikaliuza nalo mwezi wa tano, kwa bei ya nyama." Akanyanyua mpini, akautazama kama umenyooka. "Msimu ujao tutalima kwa mkono. Pesa nitachukua, kwa sababu ni yangu. Lakini usifikiri umenirudishia."

"Sifikiri, mzee."

"Minza yuko nyuma, kisimani. Nenda mwenyewe."

Minza alikuwa anafua. Alikuwa amekonda, na nywele alizozoea kusuka vizuri alikuwa amezinyoa. Alimwona Coleta, akaendelea kukamua shuka mpaka maji yakaisha.

"Nimesikia unaongea na baba," alisema. "Kwa hiyo ilikuwa mizani."

"Ilikuwa mizani. Nisamehe, mwanangu."

"Nilikwambia siku ileile."

"Ulisema."

"Nilisema mbele ya watu. Ukachukua pakiti moja. Moja tu, mama. Wewe ulinifundisha kuhesabu gunia mara mbili, ukaniambia mtu akipima mara moja hajapima." Alitundika shuka kwenye kamba. "Upande wa Meshack walileta mtu wiki ile ile. Walisema hawawezi kuoa mtu aliyelala kituoni. Meshack mwenyewe hakuja. Alituma ujumbe wa simu."

"Nitakwenda kwao. Nitawaeleza mwenyewe."

"Ameshaoa. Mwezi uliopita."

Coleta aliokota ndoo ili asaidie kumwaga maji. Minza akaichukua kutoka mkononi mwake, bila hasira, akaimwaga mwenyewe.

"Rudi dukani," Coleta alisema mwishoni. "Nitakuongeza mshahara. Utashika duka lote."

"Siwezi kupita sokoni pale, mama. Kila mtu aliniona. Nilipopitishwa, yule mama wa dagaa alishika mkoba wake." Akafuta mikono kwenye kanga. "Kama unataka kunifanyia kitu, waambie. Usiwaambie mmoja mmoja. Waambie wote, pale pale nilipopitishwa, saa ileile watu wakiwa wengi. Useme jina langu, useme na jina lako."

*

Benjamini hakupenda jambo hilo. "Mama Faith, fikiria," alisema akiwa ofisini kwake, amefunga mlango. "Tukianza kusema mizani ilikuwa mbovu, kesho wateja wote watadai walipunjwa. Hawatauliza ilikosea upande gani. Mimi nitaandika barua nzuri, nigonge muhuri, umpelekee yule binti. Yaishe."

"Uliandika barua ulipompitisha katikati ya watu?"

Benjamini akapanga upya karatasi zake.

"Basi na hili litasemwa palepale," Coleta alisema.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne, soko limejaa. Coleta alisimama kati ya meza za nyanya na za dagaa. Faith alisimama kando yake, ameshika daftari, ingawa hakuna aliyemwomba aje. Coleta hakuwa na kipaza sauti. Alipaza sauti yake mwenyewe.

"Ndugu zangu, naitwa Coleta, muuza mchele, mnanijua. Mwezi wa nne nilisema Minza binti Yonas wa Ilemba ameniibia. Hakuniibia. Mchele ulipotea kwa mizani yangu, ambayo mimi nilikataza isifunguliwe. Alipita hapa akiwa hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Waliokuwa karibu waliacha kununua. Wa mbali waliendelea. Alirudia mara ya pili, kisha ya tatu, akisogea hatua chache kila mara, mpaka koo likamkauka. Redempta alikuja akasimama kwenye vitunguu, akasema kwa sauti ambayo wachache waliisikia, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyepata mchele huo," akaondoka haraka.

Mama wa dagaa alimwinamia jirani yake. "Sasa kama siyo yule binti, nani aliiba?"

"Wanasema mizani."

"Mizani inaibaje? Watakuwa wamemaliza kifamilia."

Coleta alilisikia. Aligeuka, akaanza kumweleza yule mama upya, tangu kilo ya kwanza hadi ya ishirini, na yule mama akaitikia kwa kichwa kwa heshima huku akimpimia mteja wake dagaa.

Walipofika dukani Faith alitoa simu. Alikuwa amerekodi maneno yote, naye ameyatuma Ilemba. Walisubiri. Baada ya muda simu ikalia, ujumbe wa neno moja kutoka kwa Minza.

"Nimesikia."

Walisubiri tena, kama kutakuwa na jingine. Halikuja. Mteja alisimama mlangoni akitaka kilo kumi, na kwa kuwa mizani ilikuwa haijakaguliwa, Coleta alimwomba radhi, akamwelekeza duka la jirani.